Menyu ya wiki kwa slaidi nane: shajara ya mradi wa mgahawa wa Mama Mdogo, Mtwara

Jumatano, 27 Agosti 2025

Mama Mdogo amekubali. Tutatoa menyu ya wiki nzima kwa picha za kutelezesha, zile ambazo mtu akiweka kidole anavuta moja baada ya nyingine. Tutaziweka Instagram, kisha picha hizohizo zitapita kwenye stetasi na makundi ya WhatsApp. Mgahawa upo Chikongola, karibu na soko. Wateja wake wengi wako maofisini Shangani na Ligula, hawawezi kuja wenyewe saa ya chakula, na kila asubuhi simu yake inajaa swali moja: "Leo kuna nini?"

Nilikaa naye baada ya mchana, vyombo vikiwa vimeoshwa, nikaandika anavyopika. Vipo vya kila siku: wali wa nazi kwa maharage 3,000, ugali wa muhogo kwa kisamvu 3,000, wali wa nazi kwa mbaazi 3,000. Halafu kuna chakula maalumu cha siku, na hicho ndicho watu wanachokiulizia. Jana Jumanne alipika pweza wa nazi, sufuria ikawa tupu kabla ya saa saba mchana. Nikaandika: Jumanne, pweza. Ijumaa pilau ya nyama, hilo halina mjadala. Jumamosi samaki wa kupaka. Jumapili wanafunga.

Nimepanga slaidi nane. Ya kwanza ni jalada, ya pili vyakula vya kila siku na bei zake, nne zinazofuata ni vyakula maalumu, ya saba nauli ya kupelekewa kwa mtaa, ya nane namna ya kuagiza.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimemaliza wiki ya kwanza kwenye Canva. Ukubwa ni pikseli 1080 kwa 1350. Nimechagua umbo hilo la kusimama kwa sababu linajaza kioo cha simu kuliko la mraba, na slaidi zote lazima zifanane, kwani Instagram hukata zinazofuata kwa umbo la ile ya kwanza.

Kazi kubwa imekuwa ukubwa wa herufi. Kwenye kompyuta ya mezani menyu ilipendeza sana. Nikaituma kwenye simu ya Mama Mdogo, yenye kioo kidogo na ufa pembeni, akaisogeza mbali na macho kama anayesoma dawa. Bei hakuziona. Nikarudi nikapandisha jina la chakula hadi 64 na bei hadi 72, na hakuna kitu chini ya 40. Matokeo yake ni kwamba slaidi moja inabeba vyakula viwili, vitatu ikizidi. Nilitaka kuweka na maelezo ya viungo, nikayaondoa. Anayetaka kujua kama pilau ina bizari atauliza.

Pembeni nimeacha nafasi ya pikseli 60 kila upande bila maandishi. Kwenye ukurasa wetu wa Instagram vijipicha sasa vinaonekana kwa umbo la 3 kwa 4, hivyo jalada linakatwa kidogo kushoto na kulia. Bila nafasi hiyo herufi ya kwanza ya jina la mgahawa ingelika.

Kesho jioni tunaweka hewani.

Jumanne, 2 Septemba

Siku mbaya, na ninataka kuiandika vizuri kwa sababu kosa ni langu.

Slaidi ya tatu ilisema: JUMANNE, PWEZA WA NAZI, 7,000. Hadi saa tatu asubuhi tulikuwa na oda kumi na moja za pweza kwa ujumbe. Mama Mdogo alikuwa ametuma kijana kwenye soko la samaki la Feri tangu jana alasiri, akarudi mikono mitupu. Leo alfajiri akatuma tena. Palikuwa na pweza wawili wadogo, na bei yake haishikiki.

Nikaenda mwenyewe. Nilimkuta mzee mmoja anayenunua kwa wavuvi na kuuzia migahawa. Nikamwamkia, nikamweleza. Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, haya maji mafu. Nani atakuletea pweza?"

Nimezaliwa hapa na maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni, lakini sikuwahi kuyafikiria nikiwa mbele ya menyu. Pweza wa hapa kwa sehemu kubwa hapatikani kwa nyavu. Watu hutembea mwambani maji yakipwa, wanachungulia mashimo, wanamtoa kwa chuma. Ili mwamba ukauke vya kutosha maji yanatakiwa yapwe sana, nayo hupwa sana wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu. Mwezi ukiwa nusu, maji yanajaa kidogo na kupwa kidogo, mwamba unabaki umefunikwa. Hayo ndiyo maji mafu. Jumapili iliyopita mwezi ulikuwa nusu. Jumanne ile ya wiki jana, pweza alipokuwa tele, zilikuwa zimepita siku tatu tu tangu mwezi kuandama.

Kwa hiyo mimi nilichukua jambo la bamvua nikaliandika kama jambo la Jumanne.

Oda kumi na moja tumezijibu moja moja. Wanane walikubali jodari wa nazi kwa bei ileile, watatu walighairi. Kisha likaja tatizo la picha. Ukishaweka chapisho Instagram huwezi kubadilisha picha iliyomo. Unaweza kuhariri maelezo ya chini, na unaweza kufuta slaidi moja kati ya nyingi, lakini kuweka nyingine mahali pake haiwezekani. Nikafuta slaidi ya tatu, nikaandika kwenye maelezo kuwa leo ni jodari. Hapo nikawa nimefuta na Jumatatu iliyokuwa kwenye slaidi hiyohiyo, ingawa ilikwishapita.

Jumatano, 3 Septemba

Nimekaa na Mama Mdogo tukatenganisha mambo mawili niliyokuwa nimeyachanganya: bei, na kupatikana.

Nilidhani tatizo la pweza ni bei inayopanda na kushuka. Tukapiga hesabu. Pweza mbichi akichemshwa hunywea, anabaki kama nusu ya uzito wake. Kilo moja inatoa nusu kilo iliyoiva, na sahani moja anaiwekea kama gramu 125, kwa hiyo kilo ni sahani nne. Akinunua kilo kwa 9,000, pweza wa sahani moja amegharimu 2,250. Kilo ikipanda hadi 12,000, amegharimu 3,000. Tofauti ni 750 kwa sahani inayouzwa 7,000. Inauma, lakini haimfungi mtu duka. Bei ya wiki nzima inaweza kuandikwa mapema bila hofu.

Kinachoshindikana kuandikwa mapema ni kuwepo kwa kitu chenyewe. Na kwa pweza hata hilo linawezekana, ilimradi uangalie mwezi badala ya siku ya wiki.

Kuna jambo lingine alilonifundisha la saa. Siku za bamvua huku kwetu maji hukauka kuanzia kama saa nne asubuhi. Wanaotembea mwambani wanarudi mchana, pweza anafika Feri watu wameshakula. Pweza wa leo ni chakula cha kesho. Na ni afadhali hivyo, kwa sababu akilala kwenye friza usiku mmoja nyama inalainika, na asubuhi moto wake unapungua. Kwa hiyo tukinunua kuanzia siku inayofuata mwezi mpevu, tunauza kuanzia siku ya pili yake.

Samaki ni habari tofauti. Hatujui kama kesho atakuja changu, tasi au kolekole, ila samaki fulani atakuja. Hivyo slaidi haitataja jina. Itasema SAMAKI WA SIKU, na bei tatu kwa ukubwa: mdogo 5,000, wa kati 7,000, mkubwa 10,000. Jina la samaki tutalisema asubuhi kwenye stetasi, ambayo baada ya saa 24 inajifuta yenyewe na haimdanganyi mtu wa kesho.

Jumapili, 7 Septemba

Wiki ya pili imepanda hewani saa kumi jioni. Pweza ameandikwa Jumanne hadi Ijumaa, nikaongeza mstari mmoja chini ya jina lake: "Wiki ya bamvua". Mama Mdogo alisita kama watu wa maofisini wataelewa. Nikamwambia wengi wao ni watoto wa pwani kama sisi, na wasioelewa watauliza.

Usiku huu mwezi mpevu umepatwa. Kuanzia saa mbili na nusu ulikuwa mwekundu wote, mtaa mzima uko nje. Nimesimama na simu mkononi nikiwaza oda za Jumanne.

Jumatano, 10 Septemba

Jumanne sahani ishirini na mbili za pweza, leo kumi na tisa. Jana alasiri Feri kulikuwa na pweza wa kuchagua. Slaidi imesema kweli.

Tatizo la leo limetoka upande mwingine. Mteja wa Ligula ametuma picha ya slaidi na ujumbe: "Nataka hii, mbili." Ilikuwa slaidi ya Jumatano ya wiki iliyopita, kuku wa nazi 6,000. Wiki hii kuku hayupo kabisa. Mtu alimrushia kwenye kundi la kazini, slaidi moja tu, bila jalada lenye tarehe.

Nilikuwa nimechora slaidi nane nikidhani zitasomwa pamoja kama kurasa za kitabu. Zikishaingia WhatsApp hazikai pamoja. Mtu anarusha ile anayoipenda, nayo inatembea peke yake bila jina la mgahawa, tarehe wala namba ya simu.

Kuanzia wiki ijayo kila slaidi itakuwa na ukanda mwembamba chini wenye mambo matatu: jina la mgahawa, tarehe za wiki, na namba ya WhatsApp. Na juu kulia, 4/8, ili aliyepata moja ajue kuna nyingine. Siku nayo imepata tarehe yake: si "Jumatano" bali "Jumatano 17". Ukanda umekula pikseli 110 za kila slaidi, nikalazimika kupunguza picha ya chakula. Nimeona ni sawa.

Mteja tulimpelekea pweza, akaridhika.

Jumamosi, 13 Septemba

Wiki nzima nimekuwa nikisoma ujumbe wa oda kwenye simu ya mgahawa. Mama Mdogo ameniruhusu. Nilihesabu mazungumzo ya Alhamisi: oda moja ya kawaida inachukua ujumbe kati ya saba na kumi mpaka ikamilike. "Habari." "Nzuri, karibu." "Pweza bado yupo?" "Yupo." "Basi naomba." "Ngapi?" "Mbili." "Uko wapi?" Na kadhalika, huku mpishi ana mwiko mkononi.

Slaidi ya nane ilisema tu: "Agiza kwa WhatsApp", na namba. Ilikuwa haimwambii mtu aandike nini. Nimeichora upya. Sasa inaonyesha ujumbe wenyewe kama unavyotakiwa uonekane, ndani ya kiputo cha kijani:

CHAKULA: Pweza wa nazi
IDADI: 2
MTAA: Shangani
ALAMA: jengo la ghorofa lenye geti la bluu
MCHANA/JIONI: Mchana

Mstari wa alama una kisa. Jumatatu mtu wa Majengo aliandika "nyumba yenye mkorosho". Kaka wa bodaboda alizunguka nusu saa. Huku kwetu nyumba isiyo na mkorosho ndiyo ingekuwa alama. Kwa hiyo chini ya kiputo nimeongeza: "Au tutumie lokesheni."

Mstari wa mwisho nao nimeufikia kwa shida. Mwanzoni niliandika SAA. Ijumaa mteja akajibu "6:30". Mpishi akasoma saa sita na nusu, akafunga chakula, boda akakipeleka mchana, mlango umefungwa. Mteja alikuwa amesoma saa ya simu yake, akimaanisha saa kumi na mbili na nusu jioni. Wote wawili walikuwa sahihi. Nikaondoa saa kabisa. Mgahawa una safari mbili tu za kupeleka, mchana na jioni, basi achague moja. Mwisho wa kupokea oda za mchana ni saa nne na nusu asubuhi, na nimeandika kwa maneno, si kwa tarakimu zenye nukta mbili.

Jumapili, 14 Septemba

Kuonyesha kiputo pekee hakutoshi, kwa sababu mtu bado anatakiwa aandike mwenyewe yote yale. Leo nimetengeneza kiungo kinachofungua WhatsApp ujumbe ukiwa umeshaandikwa, yeye anajaza tu mbele ya nukta mbili:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=CHAKULA%3A%0AIDADI%3A%0AMTAA%3A%0AALAMA%3A%0AMCHANA%2FJIONI%3A
```

Hiyo `%0A` ndiyo inayoshusha mstari, `%3A` ni nukta mbili, `%2F` ni mkwaju. Namba inaanza na 255 bila alama ya kujumlisha, na sifuri ya mwanzo inaondolewa. Mimi niliiacha sifuri mara ya kwanza, ikawa 25507, na WhatsApp ikasema namba si sahihi. Ukitaka kujua kama kiungo kinafanya kazi, kijaribu kwa simu ambayo haijahifadhi namba ya mgahawa.

Mahali pa kukiweka ni jambo la kuangalia. Kwenye picha hakibonyezeki, kwani ni rangi tu. Kwenye maelezo ya chini ya chapisho la Instagram nako hakibonyezeki. Kinakaa kwenye wasifu wa ukurasa, na slaidi ya nane inasema: "Bonyeza kiungo kilicho juu ya ukurasa wetu." Kwenye stetasi na makundi ya WhatsApp kinabonyezeka, kwa hiyo huko kinaambatana na slaidi ya jalada.

Wiki hii pweza hayupo. Mwezi ni nusu tena leo. Nafasi yake tumeweka ngisi na kuku.

Jumatano, 17 Septemba

Slaidi ya saba, ya nauli, ndiyo iliyobadilishwa mara nyingi kuliko zote. Sasa imetulia hivi: Chikongola na Majengo 1,000, Shangani, Ligula na Rahaleo 2,000, Mikindani na Naliendele 5,000.

Mikindani ndiyo ilitusumbua. Ni kama kilomita kumi, na kaka wa bodaboda hawezi kwenda kwa chini ya 5,000. Lakini mtu wa wali maharage wa 3,000 hatalipa 5,000 ya kuupeleka. Wiki mbili hatukupata oda hata moja ya huko. Mama Mdogo ndiye aliyeliona: wanaofanya kazi pamoja waagize pamoja. Sahani tano kwa safari moja, kila mmoja anachangia 1,000, sawa na mtu wa Majengo. Slaidi haisemi tena "Mikindani 5,000" peke yake. Inasema "Mikindani 5,000 kwa safari, hadi sahani 8", kwa sababu nane ndizo zinazoenea kwenye sanduku la pikipiki bila mchuzi kumwagika. Leo walimu sita wa huko wameagiza kwa ujumbe mmoja.

Jambo la malipo nimelimaliza haraka. Lipa namba ilikuwa kwenye slaidi ya nane, na mtu mmoja alikosea tarakimu akiinakili kwa macho kutoka kwenye picha, pesa ikaenda kwingine na kurudi kwake ikachukua siku mbili. Nimeitoa kwenye picha. Sasa imehifadhiwa kama jibu la haraka kwenye WhatsApp Business: Mama Mdogo anaandika `/lipa`, ujumbe wenye namba, jina litakalotokea na jumla unajileta, anajaza jumla na kutuma. Mteja anabonyeza na kunakili.

Jumanne, 23 Septemba

Mwezi umeandama juzi. Pweza amerudi kwenye slaidi ya tatu, Jumanne 23 hadi Ijumaa 26. Leo sahani ishirini na saba, na kumi na tano kati yake zimekuja kwa ujumbe uliojazwa vizuri, mtu ametuma oda yake mara moja tu. Nimeangalia mazungumzo hayo: yale yaliyotimia yanaisha kwa ujumbe wa tatu, oda, jibu la lipa namba, na "nimelipa".

Nimechukua kalenda ya ukutani ya mgahawa nikazungushia wino siku za mwezi mpevu na mwandamo hadi Desemba. Bamvua mbili zilizopita zote zimeanzia Jumapili, na Mama Mdogo alishaanza kusema pweza ni wa wiki moja ndani wiki moja nje. Nikamwonyesha Oktoba: mwezi mpevu ni Jumanne tarehe 7. Kununua tutaanza Jumatano, kuuza Alhamisi. Wiki hiyo slaidi ya Jumanne itakuwa ya kitu kingine.

"Basi weka ngisi," akasema, akarudi jikoni.